Alama Kifuani kwa Kipa

Wacha niseme mapema, mtu asije akanisoma nusu: alama yangu inajulikana. Kutoka steji ya Kitengela mpaka kule barabara inapoelekea Isinya, uliza mtoto yeyote aliyetumwa nyama. Hatakutajia jina langu. Atakwambia anaenda kwa ile duara yenye mguu. Ni duara imefunguka kidogo chini, halafu mstari mmoja umeshuka kama mguu wa kiti. Iko juu ya bucha zangu zote, iko kwa milango ya pikapu, iko kwa aproni za vijana wanaokata, na kwa misimu miwili ilikuwa kifuani kwa timu yangu ya mpira. Hakuna mtu wa chuo aliyenichorea. Wengine wanalipa watu wa kompyuta wawatafutie logo, mimi niliipata kwa paja la ng'ombe.

Nilikuja Kitengela na kisu cha kuazima na gambuti zilizotoboka, nikawa mchunaji wa ngozi kwa machinjio ya wenyewe. Shule nilifika darasa la sita, na hata hilo la sita sikulimaliza. Ng'ombe wa kwanza niliyemnunua kwa jasho langu, soko la Kajiado, alikuwa dume jekundu, na hiyo alama imechomwa pajani. Nyama yake iliisha kabla jua halijafika utosini. Nikaokota kipande cha makaa, nikaichora alama ile ukutani juu ya mizani, iniletee bahati. Baadaye fundi wa mabango akaipaka rangi nyekundu, na tangu hapo sikushuka tena.

Najua mtu atasema: wewe mchinjaji, hukujua alama ya ng'ombe ina wenyewe? Nilijua. Lakini kwangu ilikuwa kama maandishi kwa gunia la sukari. Sukari ikishaingia kwa chai, nani anauliza gunia? Nilinunua ng'ombe na kila kitu alichokuwa nacho: nyama, kwato, ngozi, na kilichoandikwa kwa ngozi.

Timu niliianzisha mwenyewe. Sikuambiwa na mwanasiasa, sikutafuta kura. Kulikuwa na vijana wanacheza kwa uwanja wa vumbi nyuma ya machinjio, nusu yao watoto wa wafanyakazi waliotoka magharibi wakapanga nyumba hapa kwetu, nusu vijana wa Kimaasai kutoka Kajiado ndani. Wengine walicheza na viatu, wengine na soksi. Nikawanunulia jezi za mistari, nyekundu na nyeupe, na alama yangu katikati ya kifua, kubwa, ionekane hata na mtu aliyekaa ng'ambo ya barabara. Kipa nikampa ya njano, haina mistari, na alama ileile.

Huyo kipa ndiye mwenye hii habari. Alikuwa kijana mrefu, mtulivu, mikono kama majembe. Siku za kazi alikata nyama kwa bucha yangu, wikendi alidaka. Alitoka boma moja ukishapita Kajiado mjini, unaacha lami, unafuata waya ya ranchi mpaka unaona mti wa miiba umeinama. Nilimpenda yule kijana. Watoto wangu wako na akili ya shule, hawataki kushika damu. Yeye alishika.

Msimu wa pili tukachukua kombe pale Kajiado. Mpiga picha akatupanga mbele ya goli, jua la alasiri likitupiga kutoka kushoto. Kipa katikati, kombe mikononi, mimi kando yake na jezi iliyonibana tumbo. Nikatoa picha kubwa, ya kuwekwa fremu yenye kioo, nikaitundika ofisini. Halafu kipa akaniambia amepata kazi ya ulinzi Uarabuni, karatasi zimetoka. Nilimwambia aende, mwanamume hatafuti akiwa amekaa. Lakini akasema lazima kwanza baba yake amwombee. Kwao mtoto hatoki kwenda mbali na kichwa kikavu. Mzee anamnyunyizia maziwa, anamtemea mate ya baraka, anamwambia njia iwe nzuri. Asiyeombewa anaenda kama mtu aliyetoroka. Nikaona hilo ni jambo dogo. Nikasema, mimi mwenyewe nitakupeleka, na nitampelekea mzee zawadi ya kumkumbukia mtoto. Nikaishusha ile fremu ukutani.

Tulifika asubuhi, pikapu imeoshwa. Kipa aliinamisha kichwa, baba yake akakigusa. Mimi nikamsalimia kwa Kimaa, sopa, mzee akajibu ipa, tukakaa kwa viti vya plastiki kando ya zizi. Mama wa kijana akaleta chai. Nikatoa fremu kwa blanketi niliyokuwa nimeifunga, nikaisimamisha juu ya magoti yangu kama kioo cha duka la nguo, nikangoja mzee acheke.

Mzee aliinama. Ni mtu mkavu, shuka nyekundu, macho ya kuhesabu mbuzi wakiwa mbali. Aliangalia uso wa mtoto wake, akatingisha kichwa kwa furaha. Halafu macho yakashuka. Akaweka kidole juu ya kioo, pale kifuani.

"Hii ni ya nani?"

Nikamwambia ni yangu. Nikamwambia iko kwa pikapu pia, ageuke aione. Akageuka akaiona. Akaongea na mtoto wake Kimaa, polepole, na kijana hakuinua macho. Kisha akanigeukia na Kiswahili chake. Alisema hiyo ni alama ya ukoo fulani, si wake, na inachomwa kwa mali ya ukoo huo. Ng'ombe wake yeye wako na yao. Ng'ombe akipotea mpaka Namanga, anarudi kwa sababu ya hiyo alama.

Nikamweleza vile nilinunua dume jekundu. Nilieleza vizuri, maana naongea vizuri.

"Ulinunua ngozi," alisema. "Alama haiuzwi. Na wewe umeichoma kwa mtoto wangu."

"Mzee, si kuchoma. Ni rangi. Ni shati."

"Liko wapi hilo shati?"

Nikasema jezi zile zimetupwa, zilichakaa, msimu huu tuko na mpya zimeagizwa.

"Basi limetupwa. Hii haitupwi." Akagonga kioo. "Hii nitakuwa naamka naiona. Mtoto wangu ako na chapa ya watu wengine kifuani, na anaenda mahali sitamwona. Nitamwombea mtoto wa nani?"

Kijana alikuwa ameshapiga magoti. Mzee hakumgusa. Alisema picha irudi bila hiyo kitu, ndiyo waongee habari ya safari. Ndege ilikuwa wiki iliyofuata. Nikacheka, nikampiga kijana bega, nikamwambia twende. Kama ni kufuta tu, Kitengela kuna watu wanafuta hata makunyanzi ya bibi harusi.

Kuna mama mmoja ako na duka la picha karibu na soko, anachapisha kadi za harusi, programu za mazishi, mabango ya makanisa. Ni mama wa kutoka magharibi, anaongea huku anafanya kazi. Nikamwambia nataka hiyo alama itoke kifuani kwa kipa, leo. Akaniuliza picha yenyewe iko wapi, ile iliyotoka kwa kamera. Nikapigia mpiga picha. Akasema kadi ya kamera alishaifuta akapigia harusi, na kwa kompyuta hakuweka. Kwa hivyo kilichobaki ni ile iliyotumwa kwa kikundi cha WhatsApp, na fremu yenyewe. Ya WhatsApp alipoivuta karibu ikawa vibanda vibanda, kama ukuta wa mawe ya Kajiado kabla ya kupigwa plasta. Akasema WhatsApp inakamua picha ili ipite haraka, na kilichokamuliwa hakirudi. Tukatoa fremu kioo, mama akaiweka picha nje kwa kivuli, ising'ae, akaipiga upya na kamera yake vipande vipande, akaviunganisha.

Nilikaa nyuma yake kumwangalia. Shati la njano halikumsumbua sana. Alichukua kipande cha kitambaa safi kutoka ubavuni, pale hakukuwa na alama, akakilaza juu ya alama kama kiraka, akalainisha kingo mpaka zikapotea. Mguu wa alama ulikuwa umepita chini ya vidole vilivyoshika kombe, hapo akaenda kidogo kidogo, asimkate kijana kidole. Akaniambia jua linatoka kushoto, kwa hivyo kiraka kikitoka upande wa kivuli, kifua kitaonekana kimeoza. Nikasema vizuri. Kwa kweli ilipendeza. Ungeapa hakuna kitu kiliwahi kuwa pale.

Akaniuliza, "Na hawa wengine?"

Nikamwambia mzee alisema mtoto wake. Mimi mtu akiniambia paja, simpimii bega. Na nitasema ukweli, sikutaka kuiona ikitoka kwa wote. Kombe lile tulilichukua na alama yangu.

Tukarudi na picha mpya kwa fremu ileile. Mzee akaishika mwenyewe safari hii, akaiangalia kwa muda. Nikaona bega la kijana linashuka, anaanza kupumua. Halafu mzee akaanza kugusa vifua vya wengine, mmoja mmoja, na mimi na tumbo langu nikiwemo. Wote wako na alama. Akarudi katikati, kwa njano tupu.

"Sasa huyu ni ndama wa wizi," alisema.

Sikuelewa. Kijana akanielezea kwa sauti ya chini: ukikuta zizi lote lina chapa ya mtu, na mmoja kati yao hana chapa, huyo ndiye wanauliza ametoka wapi. Huyo ndiye anachukuliwa na yeyote. "Baba anasema mara ya kwanza nilikuwa ng'ombe wa watu, sasa mimi si wa mtu."

Nikauliza kama nikiwapelekea wenye alama ng'ombe, niombe ruhusa, kama hiyo itasaidia. Mzee akasema hayo ni yangu na wao, na nitafanya vizuri nikienda, lakini yeye hana ugomvi wa alama. Ana mtoto.

Kwa hivyo tukarudi Kitengela, na nikamwambia mama wa picha atoe zote. Hapo ndipo nilijua kwamba njano ilikuwa mchezo. Alama ilikuwa imekaa juu ya mistari. Ukiitoa, lazima ujenge mstari mwekundu upite, na mweupe upite, na ukutane na ule ulio chini ya kifua bila kuvunjika, na shati limekunjwa, na kuna aliyekunja mikono, na kuna aliyefunikwa nusu na bega la mwenzake. Kwanza alijaribu njia ya mkato, ile ya akili bandia: unazungushia alama mstari, unabonyeza, mashine inajaza yenyewe. Ilijaza kweli. Mmoja ikampa mfuko wa shati na vifungo. Mwingine ikamwandikia herufi ambazo si za lugha yoyote. Kapteni ikamtoa alama na ikambadilisha kidevu, akawa kama binamu yake. Mama akacheka mpaka akafuta machozi, akarudisha nyuma, akasema hawa wote ni wa kufanywa na mkono.

Vijana wa timu walisikia wakaja kuangalia, wakajaa mlangoni. Mmoja, winga wetu, kijana wa Kimaasai mwenye mdomo, akaona kifua chake kimebaki mistari mitupu. Akaniambia mimi bosi wake, "Mdosi, sasa umetuachilia malishoni."

Wenzake wakacheka. Si wote. Walicheka wale wa Kajiado tu, na walicheka kama watu wanaocheka kitu cha zamani. Nikauliza kinachochekesha. Wakaangaliana. Winga akasema ni kitu ya kawaida tu. Nikamwambia aseme.

"Sisi tulikuwa tunajiita ng'ombe za mzee, yaani wewe," alisema. "Tangu siku ya kwanza ya jezi. Tukiingia uwanja tunasema, haya, zizi limefunguliwa. Ile siku ulileta daktari atupime mguu, tukasema leo ni chanjo."

Nikauliza, mlijua ni alama ya nani? Akasema kila mtu alijua. Wawili kati yao ni wa ukoo huohuo wenyewe, na hao ndio walikuwa wanawatania wenzao kwamba wamewanunua.

"Na hakuna aliyeniambia?"

Akainua mabega. "Ulikuwa umeipenda sana, mdosi. Na jezi zilikuwa jezi."

Nikamtafuta kipa kwa macho. Alikuwa amesimama nje, ameangalia barabara ya malori. Nilijenga bucha kutoka kwa kisu cha kuazima, nimefukuza wezi wa ng'ombe na rungu, nimemkemea mkaguzi wa nyama akaondoka na daftari yake. Lakini siku hiyo nilikaa kwa kile kiti cha plastiki cha mama wa picha na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Misimu miwili nimesimama pembeni ya uwanja nikiona alama yangu inakimbia, moyo unajaa, na wao wanacheka zizi limefunguliwa.

Mama alimaliza. Picha ilikuwa safi. Mistari imenyooka, kidevu cha kapteni ni chake. Hata mimi nilikuwa nimefutwa, nimebaki mtu mnene na shati la mistari kati ya vijana, kama mzazi aliyekuja kuchukua mtoto.

Tulienda mara ya tatu, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho, maana kesho yake alikuwa anasafiri. Tulipopita Kajiado mjini, tukiwa ndani ya gari, nikamwuliza kama ni kweli alijua alama ni ya nani. Akasema, "Nilijua, mzee." Basi.

Baba yake hakuishika fremu kwa ukingo kama mara ya pili. Aliilaza chini, mgongo juani, kichwa chake akakifanya kivuli, akaisoma kama ngozi iliyoanikwa. Akaenda kifua kwa kifua. Kwa mchezaji wa pili kutoka kulia akasimama, akanionyesha na ukucha. Palikuwa na mkunjo mdogo wa kitambaa, kama kovu la mwezi. Chini yake kidogo palikuwa na mwingine. Nikaangalia vizuri. Ni uleule. Mama alikuwa amechukua kiraka hapo juu akakirudia chini, na mkunjo ukaja nacho, umbo lileile, urefu uleule. Baada ya kuuona huo nikaanza kuona mingine.

"Kuna watu wanaiba ng'ombe wa alama," mzee alisema. "Anachoma juu, anazungusha, ili ya kwanza isisomeke. Anadhani amefuta. Lakini nywele zikirudi, hazilali vile zililala." Akainuka, akapangusa magoti. "Ya kwanza ulimweka kwa watu wengine. Ya pili ulimfanya mpotevu. Hii umefanya kazi ya mwizi. Na najua hukutaka. Wewe ni mtu anafanya kazi."

Hiyo ya mwisho iliniuma kuliko zingine.

Nikamwambia, mzee, achana na picha. Nitaichoma mbele yako, nitaipasua hapa. Mtoto ndiye huyu, amesimama, hana kitu kifuani. Mwombee.

Akamwangalia kijana. Akamwuliza jambo kwa Kimaa, neno moja tu au mawili. Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Alikuwa anauliza nilichouliza mimi garini.

Angeweza kusema hakujua. Nilimwombea aseme hakujua. Watoto wa siku hizi wanakulia mjini, mzee angekubali, angenilaumu mimi, na mimi mabega yangu ni mapana. Lakini yule kijana alijibu baba yake ukweli. Halafu akaongeza maneno, na haya aliyasema kwa Kiswahili, sijui ni ili niyasikie au ni kwa sababu kwa lugha yao yalikuwa mazito kwake.

"Nilitaka kudaka, baba. Alama haikunizuia kudaka."

Mama yake alikuwa ameshasimama mlangoni na kibuyu cha maziwa, amekishika kwa mikono miwili, anangoja kuitwa. Hakuitwa. Mzee aligeuka akaenda kufungulia ndama, akiwa amechelewa kuwafungulia, na tukamwona anaenda nao mbali, hatukumwona akigeuka. Mama alimshika mtoto wake uso, akamwambia mambo yake. Lakini maziwa alirudi nayo ndani. Hayo si yake kunyunyiza.

Nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Nilimpa ushauri mwingi, wa chakula, wa watu wabaya, wa kutolala na simu juu ya kifua. Alikuwa ananiitikia. Alipoingia kule ndani ambako wasindikizaji hawaruhusiwi, alijipapasa kichwani, nywele kavu, kama mtu aliyesahau kofia.

Fremu iko ofisini, imeangalia ukuta. Alama ya bucha bado iko. Wenye alama niliwapelekea dume, wakalipokea, wakanipa chai, wakasema watakaa waongee. Bado wanakaa.

Sasa, mzee hana simu ya picha. Kijana akitaka kumwonyesha kitu, ananitumia mimi. Mwezi wake wa pili huko alituma picha yuko mbele ya geti kubwa, kofia, buti, shati la kampuni limepigwa pasi. Nilifurahi mpaka nikaonyesha wateja. Nikaendesha mpaka kule nikampa mzee simu mkononi. Alipoishika nikaona kosa langu, lakini simu ilikuwa imeshatoka kwangu. Kifuani, upande wa moyo, kuna nembo ya kampuni, ngao na maandishi.

"Na hii ni ya nani?"

Nikasema ni ya mwenye kazi. Akauliza kama wamemnunua. Nikasema wamemwajiri, ni tofauti. Akanirudishia simu bila hasira. Alikuwa amechoka, nafikiri, kama mimi. Alikaa, akachora chini na fimbo, akafuta na mguu.

"Mwambie apige picha avue shati," alisema. "Hiyo ndiyo hamkuniletea. Mtoto wangu tu, kifua chake. Nikimwona, nitamwombea hata kwa hiyo simu yako."

Nilirudi naendesha kama kijana. Nilijiuliza tulifikaje mbali hivyo, na mama wa picha na mistari yake, na akili bandia, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kuvua shati. Nikamtumia kijana sauti, nikamweleza yote. Zikapita siku kadhaa. Akaandika kwamba atajaribu, wanalala wengi chumba kimoja. Nikamwambia ajifungie hata chooni, ni picha moja tu, ni baba yako.

Ilifika juzi, nikiwa kwa bucha, mkono mmoja una damu. Nikaifungua na kidole kidogo.

Amesimama mbele ya ukuta mweupe. Hana shati. Hakuna alama yoyote, kweli, si ya mtu yeyote. Lakini mimi najua kupima mnyama kwa macho, ndiyo kazi iliyonilea. Mbavu zake zinahesabika kutoka juu mpaka chini. Mifupa ya shingo imesimama kama vijiti vya hema, na mabega yale yaliyokuwa yanajaza goli yamening'inia. Anatabasamu. Ameandika: Mwonyeshe baba.

Nilinawa mikono. Nikatembea mpaka karibu na soko, nikasimama ng'ambo ya duka la mama wa picha. Alikuwa ndani, mgongo kwangu, anashughulikia programu ya mazishi ya mtu. Najua anaweza. Mwenye kujenga mstari mwekundu kutoka kwa hewa hatashindwa na nyama ya bega. Nilisimama pale nikiwa na simu mkononi, na nilikuwa nasikia ukucha wa mzee unatembea juu ya kioo, kifua kwa kifua, unatafuta mahali nywele hazikulala.

Sikuvuka barabara.

Leo asubuhi mtu wa boda aliyetoka kule alinipitia. Mzee anauliza, picha imefika? Nikamwambia amwambie mtandao uko chini. Akasema sawa, mzee amesema ukifika na hiyo simu hata mchana wa jua atatoka zizini, maziwa iko.